Kyela Mpaka Kasumulu

Mkataba uliingia ofisini kwangu umefungwa kwenye nailoni mbili, maana mvua ya Kyela haiangalii karatasi ni ya nani. Aliyeuleta alikuwa mwanamke wa makamo niliyemfundisha Kiingereza kidato cha pili, miaka mingi iliyopita, kabla hajaacha shule. Siku hizi ana mgahawa Kasumulu, hatua chache kutoka geti la forodha, na kama umewahi kusubiri lori lako lipewe karatasi za kuvuka mto Songwe kuingia Malawi, bila shaka umekula wali wake. Alifungua nailoni ya kwanza, akafungua ya pili, akaweka kile kitabu mezani kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mwalimu. Nataka uniwekee Kiswahili cha watu. Siyo kile cha redioni."

Nikisema ofisi najikweza kidogo. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, kina meza, viti viwili na mhuri wangu. Tangu nistaafu ualimu nafasiri hati za watu: vyeti, barua za mahakama, mikataba ya wanunuzi wa kakao. Naifanya kazi hii kwa wivu. Mtu akiniletea tafsiri iliyofanywa na simu, nachukia siku nzima, na waliowahi kukaa darasani kwangu wanajua nikichukia ninavyokuwa. Kwa hiyo aliposema Kiswahili cha watu, alinikuna panapowasha. Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kampuni ya Dar es Salaam inayouza kuku wa kukaanga chini ya jina la wenye biashara walio nje ya nchi. Ilikuwa inatafuta mtu wa kufungua duka lao Kyela mjini. Duka lingekuwa la kwake yeye kwa maana ya kwamba atajenga, ataajiri na atabeba hasara, lakini jina, rangi za ukuta, viungo, sare za wahudumu na hata namna ya kusema karibu vingekuwa vya kwao. Kwa kutumia jina hilo angelipa. Mkataba wote, kurasa arobaini na kitu, ulikuwa unaeleza atalipa nini, lini, na atauzia wapi.

Nilianza na malipo, kwa sababu ndiko wafasiri wengi wanakoanguka. La kwanza lilikuwa ada ya kujiunga, ya mkupuo mmoja siku ya kusaini. Niliandika "hairejeshwi kwa sababu yoyote ile", kisha nikaipigia mstari mwenyewe ingawa kwenye Kiingereza haukuwapo. La pili ndilo lililonila siku mbili. Neno la kamusi ni mrabaha, na mrabaha ni neno zuri, ila nilijua akilisikia atasikia kitu kingine. Kweli, alipopita siku moja kuuliza kazi imefikia wapi, aliruka nalo.

"Mrabaha ndiyo riba, Mwalimu? Mimi sikukopa kwao."

"Siyo riba. Riba unalipa kwa sababu umekula hela ya mtu. Mrabaha unalipa kwa sababu unakula jina lake. Kila mwezi, asilimia sita."

"Ya faida?"

"Ya mauzo. Ndiyo maana nakuambia ukae chini unisikilize."

Nikamweleza kwa sahani. Sahani ya kuku ukishaiuza, unatoa kodi ya ongezeko la thamani, basi. Katika kilichobaki, asilimia sita ni yao kabla hujanunua mafuta, kabla hujalipa umeme, kabla wahudumu hawajapata mshahara. Mwezi ukipata hasara, wao wanachukua asilimia sita yao vilevile. Juu yake kuna asilimia mbili ya mfuko wa matangazo, ambayo nayo inahesabiwa juu ya mauzo. Nililikwepa neno mapato kwenye ukurasa ule wote, maana kwa watu wa sokoni mapato ni kile kinachobaki mfukoni jioni, na kwa mkataba ule siyo hicho hata kidogo. Niliandika "mauzo yote, kabla ya kutoa gharama yoyote", nikajiona fundi.

Alipiga hesabu kwa vidole juu ya meza yangu, midomo ikimcheza. Kisha akasema mjini anaweza kubeba, watumishi wa halmashauri wanapenda vitu vya kwenye boksi. Lakini kilichokuwa moyoni mwake hakikuwa mjini.

"Na Kasumulu je?"

Hapa ndipo penyewe. Ule mgahawa aliuanza na sufuria moja na mkeka. Umesomesha watoto wake watatu, na wanawake wanne wanaopika naye wanategemea hapo hapo. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachomkataza, kwa muda wote wa miaka mitano, kumiliki biashara nyingine yoyote ya chakula kilichopikwa, ndani ya eneo lake au karibu nalo. Hicho nilikitafsiri vizuri na alikielewa. Akawa amejitengenezea njia: kulikuwa na kifungu kingine kinachomruhusu kufungua duka la pili lenye jina lilelile, kwa nusu ya ada, mradi liwe ndani ya eneo lake. Basi mgahawa wa Kasumulu angeuvalisha rangi za kampuni. Wali angeenda kula nyumbani, aliniambia huku akicheka, ila mahali pangebaki pake, na wanawake wake wanne wangevaa kofia nyekundu. Kila kitu kilitegemea kama Kasumulu imo kwenye eneo lake au haimo.

Nilifungua tafsiri yangu, ukurasa wa kumi na tisa, nikamwambia mpewa haki ndiye yeye, nikamsomea: "Eneo la mpewa haki ni Kyela mjini na barabara yote mpaka Kasumulu."

"Basi imo," alisema.

"Imo," nikasema.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, Mwalimu. Ndaga fijo." Alitoka akitembea kwa haraka ya mtu mwenye mambo mengi ya kufanya, na mimi nikabaki nimefurahi, si kwa ajili ya malipo. Nilifurahi kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyomsema mbele ya darasa, zamani zile, kwamba kichwa chake hakishiki lugha ya watu. Nilijiambia nimelipa deni.

Angalia nilichofanya. Aliniuliza swali juu ya mkataba, na mimi nikaenda kumtafutia jibu kwenye Kiswahili changu. Nakala ya Kiingereza ilikuwa hapo hapo mezani, chini ya kiwiko.

Siku moja kabla ya kusaini alinialika nikale Kasumulu, kabla hajabadilisha bango. Nilipanda bajaji mchana, mvua ikiwa imepumzika na kakao zikiwa zimeanikwa tena pembeni mwa barabara. Foleni ya malori ilikuwa imefika mbali. Vijana wa kubadilisha kwacha walikuwa wamesimama palepale wanaposimama siku zote, wakipunga vibunda vyao vya noti. Mgahawani palijaa. Alinipa kiti cha karibu na dirisha, akaniletea wali na usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa, bila kuuliza nakula nini.

Ukutani, kwenye ubao wa boksi, alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: TUNABADILIKA HIVI KARIBUNI. ENEO LETU KYELA MPAKA KASUMULU. Ilikuwa sentensi yangu. Nakiri niliitazama kwa majivuno kama mzazi aliyeona mtoto wake akisoma risala.

Dereva mmoja wa lori, mtu wa maneno mengi, alikuwa anatafuna huku akiisoma.

"Mama wee," akaita, "hiyo mpaka Kasumulu, Kasumulu yenyewe imo ndani au mnaishia pale juu? Maana mimi bima yangu ilikuwa mpaka Tunduma. Nikagonga ng'ombe Tunduma penyewe, katikati ya Tunduma. Wakaniambia, mzee, tulisema mpaka Tunduma, hatukusema na Tunduma."

Watu walicheka. Mwenye mgahawa alicheka kuliko wote.

"Hapa imo! Mwandishi mwenyewe huyo hapo dirishani. Mwalimu, mwambie."

Macho yote yakanigeukia. "Imo," nikasema, mara ya pili, mdomo ukiwa na wali.

Nilipomaliza kusema tu, nikaisukuma sahani kando. Sijui kama mtu asiyefanya kazi hii atanielewa. Kuna namna mkono unavyokumbuka karatasi kabla akili haijakumbuka. Nilikumbuka kwamba ile sentensi kwa Kiingereza ilikuwa ndefu kuliko yangu. Ilikuwa na koma mbili. Yangu haikuwa na koma hata moja.

Niliaga, nikasema tumbo linanisumbua. Kwenye bajaji nilijaribu kujituliza kwamba labda maneno ya katikati ya zile koma yalikuwa ya mapambo tu, maana wanasheria wana mapambo mengi. Dereva wa bajaji alikuwa akinisimulia habari za mtoto wake na sikusikia hata neno. Saa nane nilikuwa ofisini, mlango nimeufunga.

Ukurasa wa kumi na tisa. Kyela mjini na barabara yote hadi kufikia, koma, lakini bila kujumuisha, koma, eneo la mpaka la Kasumulu. Mistari mitatu chini yake palikuwa na kifungu nilichokitafsiri vizuri bila kukiunganisha na chochote: kampuni inajihifadhia haki ya kuuza yenyewe, au kupitia mtu mwingine, kwenye vituo vya mipakani, stendi kuu na vituo vya mafuta. Nilikuwa nimefika kwenye ile sentensi jioni ya siku ndefu, kichwa bado kinawaka ushindi wa mrabaha. Neno mpaka lilinijia lenyewe kwa sababu ni neno tunalolitumia kila siku, na hapo hapo jina la mahali lenyewe lilikuwa la mpakani, kwa hiyo sikio langu likatosheka. Mtu wa Kyela akisema anakwenda mpaka Kasumulu, hakuna anayemuuliza kama ataingia. Ataingia, ataenda wapi? Koma mbili na maneno yaliyokuwa katikati yake nikayameza.

Maana yake niliisoma polepole, kwa sauti, ili nisijidanganye. Kasumulu siyo yake. Duka la pili hawezi kuliweka pale. Mgahawa wake uko karibu na eneo lake, kwa hiyo ni biashara iliyokatazwa. Akisaini, ana siku tisini za kuufunga. Ada atakuwa ameshalipa, na hairejeshwi kwa sababu yoyote ile, kama nilivyompigia mstari. Na akija kulalamika na tafsiri yangu mkononi, ukurasa wa mwisho unasema nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa pale zinapotofautiana. Hilo nalo nilikuwa nimelitafsiri mwenyewe, safi kabisa.

Nikampigia simu. Haikupatikana. Nikakumbuka aliniambia kwamba wateja wa mchana wakipungua angekwenda kwa mama yake Bujonde, na kule upande wa mashamba ya mpunga mtandao unakuja na kuondoka. Baada ya robo saa nikapiga tena. Haikupatikana.

Sasa niseme jambo ambalo lingekuwa rahisi kulipita. Aliposhindwa kupatikana mara ya pili, nilishusha pumzi. Nilifarijika. Ningeweza kukodi bodaboda nikaenda Bujonde. Nyumba ya mama yake naijua, nimewahi kuhudhuria msiba pale. Mvua ilianza tena nikasema njia haipitiki. Ningeweza kutuma ujumbe ukamsubiri. Niliandika mmoja, "Nipigie mapema, kuna neno", nikaufuta kwa sababu niliona utamtia wasiwasi bure. Bure! Nilikuwa naufikiria mhuri wangu, na yule karani wa mahakama anayeniletea kazi, na jinsi mji huu ulivyo mdogo. Nilikuwa namwogopa mwanafunzi wangu. Nikajiambia nitawahi kesho, nitamvuta pembeni dakika tano kabla, tutayamaliza kiutu uzima.

Kesho yake nilifika kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni robo saa kabla ya saa nne. Wao walikuwa wameshafika. Afisa wa kampuni, dada mmoja wa Dar mwenye sauti laini, alikuwa amefungua kompyuta yake, na soda tatu zilikuwa zimepangwa. Mwenye mgahawa alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, nywele zimesukwa upya. Hati ya malipo ya benki ilikuwa mezani, imejazwa, bado haijapelekwa. Nilimwomba tutoke kidogo nje tuzungumze.

"Tusimcheleweshe mgeni, Mwalimu," alisema, akinivutia kiti. "Tutaongea baadaye. Leo tunakula wote."

Sikung'ang'ania. Nilikaa. Afisa alitoa karatasi moja akaisukuma kwangu.

"Mwalimu, tutaanza na wewe. Hii ni ya mfasiri. Unathibitisha kwamba tafsiri ni sahihi na kamili, na kwamba mama amesomewa masharti kwa lugha anayoielewa. Ukisaini wewe, anasaini yeye."

Nilichukua kalamu. Nilisoma ile karatasi kuanzia juu mpaka chini ingawa ilikuwa na mistari minne tu. Neno "kamili" lilinikodolea macho. Mwenye mgahawa alikuwa ananitabasamia kama watu wanavyomtabasamia mshenga. Nitasema ukweli: niliiweka ncha juu ya karatasi. Kuna nukta ya wino ilibaki pale.

"Siwezi kusaini hii," nikasema. "Nimekosea ukurasa wa kumi na tisa."

Afisa alianza kufungua nakala yake. Nikafungua yangu, zote mbili, nikaziweka sambamba mbele ya mwanafunzi wangu, na kwa mara ya kwanza nikaweka kidole kwenye Kiingereza. Nilimtafsiria neno kwa neno, na nilipofika kwenye koma ya kwanza nikamwambia hapa ndipo nilipodondosha maneno. Lakini bila kujumuisha. Nikayarudia.

Alikuwa anakiangalia kidole changu, siyo uso.

"Kasumulu ni yangu au siyo yangu?" alimuuliza afisa.

"Maeneo ya mipakani kampuni imejihifadhia, mama. Ipo kwenye kifungu. Nilidhani unafahamu."

"Na mgahawa wangu?"

Yule dada alimeza soda kidogo. Sikumwona kama mtu mbaya, alikuwa kazini. "Kwa mujibu wa mkataba, siku tisini. Unaweza kuuza vifaa, au kumpa mtu asiye wa familia yako."

"Kumpa mtu." Alisema hivyo taratibu, kisha akakaa sawasawa kwenye kiti, na nikamwona mfanyabiashara niliyekuwa simjui. Hakupiga kelele. Akaanza kupatana. Kama ataacha kuku kabisa pale Kasumulu, asikaange hata paja, abaki na wali na samaki wake? Waandike kwenye karatasi ya nyongeza kwamba mgahawa ule, kama ulivyo, uko nje ya katazo. Mrabaha yuko tayari kulipa. Mfuko wa matangazo yuko tayari. Hataomba eneo lao la mpakani. Anaomba sufuria zake tu.

Afisa alisema hana mamlaka ya kubadilisha kifungu, ila atapiga simu makao makuu. Alipiga, akaweka sauti ya nje, nadhani kwa heshima, ili tusidhani anatuzunguka. Sauti ya mwanaume ilisikiliza mpaka mwisho. Ikauliza mgahawa uko umbali gani kutoka geti. Afisa akasema hatua chache.

"Hapana," ile sauti ikasema. "Dereva akishakula wali pale, hatanunua kuku kwetu tutakapofungua."

"Mtakapofungua?" Mwenye mgahawa akaiinamia simu. "Mtafungua lini?"

Sauti ikasema hayo ni mambo ya mipango, na kwamba mama anakaribishwa kusaini masharti yaliyopo au kufikiria zaidi. Simu ikakatwa. Mvua ilikuwa inapiga bati na nilishukuru kwa ile kelele.

Alichukua hati ya benki, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi. Akafunika kalamu. Alimshukuru afisa kwa safari ndefu, akamwambia soda asilipe, ameshalipa yeye. Kisha akasimama, na mimi nikasimama, nikamfuata mpaka barazani. Nilianza kumwomba radhi. Nilisema mengi, sikumbuki yote; nilisema uchovu, nilisema neno lenyewe lina sura mbili, nilisema nitamrudishia malipo yangu yote. Alininyooshea kiganja ninyamaze.

"Mwalimu, ulijua lini?"

Ningeweza kusema asubuhi. Alikuwa ananiangalia usoni sasa.

"Jana. Saa nane mchana."

"Baada ya kula kwangu."

"Nilipofika tu ofisini. Nilikupigia mara mbili."

"Mara mbili," alisema. Akahesabu kwa vidole, kama alivyohesabu ule mrabaha, kutoka saa nane mchana mpaka saa nne asubuhi. Vidole havikumtosha, akarudia mikono yote miwili. "Neno kukosea, hata mimi nilikuwa nakosea, ulinichapa. Siyo hilo. Mimi nimeamka alfajiri nimesukwa, nimewaambia wale wanawake wangu wanne wapime sare. Wewe unajua. Umelala nalo."

Alifunika gauni lake la kanisani kwa kitenge, akasimamisha bajaji, akamwambia dereva awahishe Kasumulu, maana saa ya chakula cha mchana inakaribia na funguo za stoo anazo yeye.

Hakusaini, siku ile wala baadaye. Mgahawa upo. Duka la kuku mpakani bado halijafunguliwa, na madereva bado wanakula kwake wakisubiri karatasi. Mimi siku hizi nafasiri huku Kiingereza kikiwa juu na kidole kikiwa kwenye mstari, na ile karatasi ya kuthibitisha naisoma kabla ya kuanza kazi.

Miezi kadhaa ilipita nisithubutu kwenda. Halafu siku moja nilikuwa na shughuli forodhani, njaa ikaniuma, nikasema nitajificha mpaka lini. Niliingia, nikakaa meza ya nyuma. Alikuja mwenyewe na kitambaa begani. Alifuta meza vizuri, pembe zote nne.

"Karibu mteja," alisema. "Kuna wali samaki, wali maharage, na ndizi."

Niliagiza wali samaki. Ulikuwa mtamu kama siku zote, na nilikula wote. Nilimlipa, akanirudishia chenji kamili. Kwetu mgeni husindikizwa, walau mpaka barabarani. Nilitoka peke yangu, nikasimama kusubiri bajaji, nikageuka mara moja. Alikuwa anafuta ile meza, anamkaribisha mwingine.